Mkasi Ukianguka

Katika banda la kunyolea kondoo la Ha Lephatsoe kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, na inafuatwa kuliko zile zilizoandikwa. Mkasi ukigusa sakafu, mwenye mkasi anatoka nje. Anakuja kwangu kwenye jiwe la kunolea, anasubiri nimalizane na waliomtangulia, namnolea, ndipo anarudi. Kondoo wake amekwisha kukabidhiwa mwingine, pamoja na ujira wake.

Sheria hiyo aliileta Ntate Phamotse, mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga kondoo, ambaye tangu nimjue sijamwona akinyoa hata mbuzi. Alisema sakafu ina mchanga, na mkasi wenye mchanga unaharibu sufu. Hilo ni kweli, mimi ndiye ninayeuona huo mchanga. Lakini yeye hakufikiria zaidi ya sufu. Wanyoaji walijifunza kudaka. Mikasi yetu ni ya mkono, mapanga mawili mafupi yaliyoungwa nyuma kwa kipinde cha chuma, na makali yake nayatia mimi. Kondoo akirusha mguu, mkasi ukaponyoka, mkono wa mnyoaji unaufuata wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa.

Binti yangu Tlalane ndiye mwanamke pekee aliyekuwa na nafasi katika banda lile. Hakupewa kwa huruma. Kabla hajaingia, wanaume walikuwa wakimtania kwamba kondoo watamwonea aibu. Msimu wa kwanza alimaliza kondoo wake wakati wao bado wanafuta jasho, na utani ukabadilika. Khoabane, aliyekuwa akinyoa karibu naye, akawa anamwita Ntate Tlalane, yaani Bwana Tlalane.

Ilikuwa Oktoba, asubuhi, baridi bado iko mlangoni. Alikuwa amemkalisha kondoo dume kitako, mgongo wa kondoo umeegemea magoti yake, anashuka na mkasi ubavuni. Dume akajipinda akapiga teke. Mkasi ukaruka. Tlalane akaudaka kwa mkono uleule wa kulia, vidole vyote vimekunjwa, na ndani ya vidole kulikuwa na panga.

Haukugusa sakafu. Banda zima likashangilia.

"Huyo! Huyo ndiye mnyoaji!" Khoabane akapiga kelele. "Jifunzeni, nyie mikono ya siagi!"

Kisha damu ikaonekana kwenye sufu nyeupe, na Phamotse ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, kwa sababu ya sufu.

"Lete mkono," alisema.

Kidole cha pete kilikuwa kimechanika upande wa ndani, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, juu kidogo ya kinapoanzia. Phamotse hakukitazama sana. Alichukua konzi ya sufu akaitia kiganjani mwa binti yangu.

"Kaza."

Akakaza.

"Mkono mzima," alisema Phamotse. "Mfungeni kitambaa. Nani anamaliza huyu dume?"

Hicho ndicho kipimo cha banda letu tangu zamani. Mkono unaoshika sufu utashika mkasi. Hakuna aliyejiuliza kidole gani kinashika na kipi kinabebwa na wenzake. Ukishika konzi ya sufu, vidole vinazama ndani yake, na ncha haionekani imelala au imesimama. Nilisimama mlangoni na jiwe langu mkononi, nikaona sawa na walivyoona wengine: ngumi.

Alasiri nilimpeleka kliniki ya pale kwetu. Msimamizi wake ni muuguzi mmoja aitwaye Nkhahle, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikiosha kidonda, akakinyoosha kidole juu ya meza, akachungulia.

"Sioni kitu kilichokatika humu," alisema. "Ni nyama tu. Unaweza kukunja?"

Tlalane akakunja. Kiungo cha katikati kikakubali.

"Haya basi."

"Lakini Ntate, upande mmoja wa kidole sihisi kitu. Kama wa mtu mwingine."

"Hiyo ni sindano ya ganzi."

"Hujanichoma bado."

Nkhahle akamtazama kama mtu aliyekatizwa kwenye sala. "Basi ni hofu," alisema, akachoma, akashona. Alishona vizuri, siwezi kusema uongo. Ngozi ilifungika kama pindo la blanketi la dukani. Akatuambia turudi kutoa nyuzi.

Sikumwamini, lakini mimi simwamini mtu yeyote mwenye funguo, kwa hiyo kutomwamini kwangu hakukuwa habari mpya nyumbani. Mama yake Tlalane alikufa kwa uvimbe wa titi akisubiri kuvushwa mpaka kwenda kutibiwa upande wa pili. Karatasi ilihitaji sahihi ya mkubwa wa hospitali ya wilaya, na mkubwa alikuwa na mikutano. Tangu hapo nikisema neno juu ya wakubwa, Tlalane hujibu, "Ndiyo, Baba," akaendelea na alichokuwa akifanya.

Juma lilipita. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na ule wa kulia ulikuwa na bandeji. Siku ya Jumapili bandeji ililowa kwa maji ya kuosha vyombo, akaifungua ili ikauke jikoni karibu na moto. Tukala. Kulikuwa na papa, ambayo ni ugali wetu, na mboga za moroho. Njaa ilimsahaulisha, akamega kwa mkono wa kulia akaanza kufinyanga tonge.

Niliona kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake. Vidole vyote vilijikunja kulizunguka tonge. Cha pete nacho kilijikunja katikati, lakini ncha yake ilibaki imesimama wima, inaelekea kwangu, kama mtu aliyekataa kuketi kwenye mkutano wa chifu.

"Ikunje hiyo ncha," nilimwambia.

"Nimekunja."

"Hujakunja. Tazama."

Akatazama. Akaweka tonge chini. Akajaribu tena bila tonge, akikunja uso mzima, kana kwamba uso ungesaidia. Ncha haikutikisika. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto, ikalala bila ubishi. Akaiachia, ikainuka.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Haiumi. Hakuna kitu. Ni kama ninamwita mtu ambaye amehama." Akaisukuma tena, akasema, "Kidole hiki ndicho kinachofunga mkasi, Baba. Hiki na kidogo. Hivi vingine vinauelekeza tu."

Hilo nilikuwa nalijua. Hatukumaliza kula.

Asubuhi yake tulikuwa hospitali ya wilaya. Safari hii tulikutana na daktari kijana aitwaye Ramakatsa, ambaye bado alikuwa na tabia ya kuwatazama wagonjwa. Alikishika kidole cha Tlalane, akakibana kiungo cha katikati kikae kimenyooka kati ya vidole vyake, akamwambia akunje ncha peke yake.

Hakuna kitu.

Akahamia kidole cha jirani, akakibana vilevile. Ncha ikainama.

"Kano imekatika," alisema. "Kila kidole kama hiki kina kano mbili upande wa ndani. Moja inavuta kiungo cha katikati, na nyingine inapita chini yake hadi kwenye ncha. Ile ya kwanza yako imebaki, labda nusu. Ya ncha imekatika. Na ganzi hiyo ya upande mmoja ni mshipa wa fahamu, nao umeguswa. Nani alishona?"

"Nkhahle," nilisema haraka. "Na kabla yake Phamotse alipima kwa sufu. Waandike wote wawili."

"Baba," alisema Tlalane.

Daktari Ramakatsa hakuandika. Alipiga simu Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka, kwa daktari wa upasuaji wa mikono, akaongea naye akiwa amekigeuza kiganja cha Tlalane kwenye mwanga wa dirisha. Alipokata simu alisema, "Anasema aje. Anasema asichelewe. Kano iliyokatika haikai ilipo, inarudi nyuma polepole kama kamba iliyoachiwa, na msuli ulioishikilia unafupika. Siku za mwanzo ndizo nzuri. Mpaka wiki mbili hivi bado inavutika. Kinachobaki ni sahihi ya mkurugenzi."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kikao."

Nilitoka nje. Gari la mkurugenzi lilikuwa chini ya kivuli, ni gari kubwa jeupe. Nilijifunika blanketi langu nikaketi ardhini mbele yake, mgongo kwenye bampa. Dereva alikuja.

"Ntate, mzee wangu, hapo si pa kukaa."

"Panafaa."

"Mkubwa akitoka atataka kuondoka."

"Ndiyo maana panafaa."

Akacheka, akaenda zake. Nadhani hata yeye hakumpenda. Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa paa mkurugenzi alipotoka, akiwa na watu wawili wenye mafaili. Alisimama juu yangu.

"Mzee, una shida gani?"

"Sahihi."

"Kuna utaratibu wa sahihi."

"Naujua. Mke wangu aliisubiri amelala, mpaka tukamzika. Mimi naisubiri nimekaa. Gari litapita likitaka."

Wale wenye mafaili walitazama pembeni. Ramakatsa alikuwa amekwisha kufika na karatasi, sijui nani alimwita. Mkurugenzi alitia sahihi juu ya boneti ya gari lake. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kufungua kopo la tumbaku. Hilo ndilo ninaloliweka moyoni mpaka leo. Si kwamba alikataa. Ni jinsi ilivyokuwa jambo dogo.

Tulifika Bloemfontein siku ya kumi na moja tangu kukatwa. Daktari wa mikono alikuwa mwanamke wa Kikaburu, Daktari Van Tonder, aliyekulia kwenye shamba la kondoo na anaongea Kisotho cha wachungaji, chenye matusi madogo ndani yake. Alimuuliza Tlalane alikatwaje, naye akaonyesha kwa mkono, akaudaka mkasi wa hewani.

"Aha. Ulikuwa umekunja vidole," alisema daktari. "Ona. Panga lilikata kano wakati kidole kimejikunja. Sasa nyoosha kidole. Kano inasogea, ngozi inabaki. Pale palipokatika pamekwenda mbele, pamejificha chini ya ngozi nzima. Mtu akichungulia kwenye kidonda kidole kikiwa kimenyooka, ataona pasafi."

"Kwa hiyo Nkhahle hana kosa?" niliuliza. Sikulipenda jibu lilikokuwa likielekea.

"Macho yake hayana kosa. Angemwambia akunje ncha peke yake, Ntate. Hiyo haihitaji macho ya ajabu." Akamgeukia Tlalane. "Nitaifuata kano iliporudi, niivute kwenye njia yake, niishone ncha kwa ncha. Na mshipa wa fahamu pia. Ungekuja baada ya mwezi, ningekuta imefupika, na njia yake imejifunga. Hapo ningekukata mara mbili, mara moja kutengeneza njia na mara ya pili kupandikiza kano kutoka mahali pengine. Umekuja ukingoni, lakini umekuja."

"Nitanyoa tena?"

"Mimi kazi yangu ni ya saa chache," alisema Van Tonder. "Kazi kubwa ni yako na ya Kelebone. Yeye utamchukia."

Alipasuliwa kesho yake. Kano waliikuta imerudi karibu na kiganja, wakairudisha.

Kelebone alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya mikono, mama mfupi mwenye sauti ya sokoni. Siku chache baada ya upasuaji alilainisha kipande cha plastiki kwenye maji ya moto, akakilaza juu ya mgongo wa mkono wa Tlalane, kuanzia karibu na kiwiko hadi kupita ncha za vidole, akakifinyanga kikapoa. Kikawa kama paa. Vidole viliinama kwenye mashina yake, vikanyooka chini ya paa hilo, visiweze kuinuka kupita hapo. Mikanda ikafungwa.

"Sikiliza, ngoan'aka, mwanangu," alisema Kelebone. "Uzi ulioshona kano yako hauna nguvu hata ya kuinua ndoo. Ukikaza, unakatika. Lakini ukiuacha mkono umelala tu, kano itanata kwenye njia yake kama papa iliyoungua kwenye sufuria, na hapo hata ikipona haitateleza. Kwa hiyo utaitembeza, bila kuibebesha. Umeelewa?"

"Naitembeza bila kuibebesha."

"Kila saa ukiwa macho. Mkono wa kushoto unakilaza kidole cha kulia kiganjani, chote, polepole. Unakiachia. Kinanyooka chenyewe mpaka kigonge paa. Halafu unajaribu kukunja mwenyewe, kidogo, kama unashika yai la ndege. Basi. Huo mkono ni mgeni nyumbani kwenu. Mgeni hapewi kazi. Hafuniki sufuria, havuti soksi, hashiki hata kijiko."

"Na usiku?"

"Mgeni analala na paa lake."

"Mpaka lini?"

"Paa ni wiki sita. Kazi nyepesi baada ya hapo. Kazi ya nguvu, mkasi wako huo, ni miezi mitatu. Na nakuambia mapema, siku mbaya haziji ukiwa na maumivu. Zinakuja kidole kikianza kukupendeza. Nimewaona wengi. Wiki ya nne, ya tano, mtu anasema kimepona, anafungua chupa, anasikia *pu*. Halafu ananipigia simu analia."

Tlalane alikaa Botshabelo kwa shangazi yake wiki za kwanza ili awe karibu na Kelebone, kisha akarudi nyumbani. Nilikuwa nikimfunga pini ya blanketi kila asubuhi, kazi ambayo mama yake alikuwa akinifanyia mimi. Wachungaji walimcheka kwamba ameota pembe mkononi. Khoabane alipita siku moja akamsalimu kwa kuinama sana.

"Natoa heshima kwa mgonjwa wa serikali. Mkono wako una nyumba nzuri kuliko yangu."

"Ingia basi, kuna nafasi ya mpumbavu mmoja."

Kila saa aliniacha nikiongea, akakaa mlangoni, akakilaza kidole, akakiachia. Kikagonga paa. Nilikuwa nikisikia mlio huo mdogo wa kucha kwenye plastiki nikiwa jiweni. Mwanzo ncha haikufanya kitu ilipoachiwa ikunje yenyewe. Kisha siku moja ikatikisika. Aliniita, nikatazama, na sikuona kitu, nikamwambia naona.

Wiki ya tano Phamotse alimwita bandani. Msimu wetu ulikuwa unakwisha, na kila mwaka chama kinachagua wanyoaji wachache wa kwenda kunyoa kwenye mashamba makubwa ya upande wa pili. Tlalane alikuwa ameishika nafasi yake miaka mitatu. Mtu akikosa kwenda mwaka mmoja, jina lake halirudi kirahisi, maana aliyeingia mahali pake ana mjomba. Safari hii mjomba alikuwa Phamotse mwenyewe. Mpwa wake Seabata alikuwa amesimama palepale, amevaa buti mpya.

"Sisi si watu wabaya," alisema Phamotse mbele ya wanyoaji wote. "Nafasi ni yako. Tunataka kujua tu kama mkono uko tayari. Vua hicho kitu tuone."

Tlalane alifungua mikanda. Mkono ulitoka mwembamba, mweupe kidogo, wenye kovu jekundu. Akakunja vidole taratibu, kama anashika yai. Cha pete kikainama pamoja na wenzake, na ncha ikainama.

Watu wakapiga makofi. Hata mimi, sitaficha, moyo ulipanda. Kilikuwa kidole. Kilikuwa kinakunja.

"Umepona!" alisema Phamotse. "Nilisema tangu siku ile kwamba mkono mzima." Akachukua mkasi wa Tlalane ukutani, ule niliokuwa nimeunoa mwenyewe na kuupaka mafuta, akamlazia kiganjani. "Kaza mara tatu. Tusikie chuma kikilia, twende tukaandike jina."

Tlalane aliusimamisha mkono wa kushoto chini ya wa kulia, kuubeba. Mkasi ulilala juu ya kiganja kilicho wazi. Alikuwa akiutazama, na nilijua alikuwa anafikiria nini, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kushika chombo chake baada ya muda mrefu anajua. Mkono unataka kufunga. Si yeye, ni mkono.

"Mara tatu tu," alisema Phamotse. "Au wataka tumpe mkasi Seabata?"

"Kaza, Ntate Tlalane," alisema mmoja nyuma. "Watu wanataka kwenda kula."

"Kinapendeza, eh?" alisema Tlalane. Alisema polepole, kwa kidole chake, si kwa watu.

Kisha akageuza viganja vyote viwili chini.

Mkasi ulianguka. Ulilia sakafuni, ukaruka mara moja, ukalala. Nimekaa na mikasi maisha yangu yote na sijawahi kusikia mkasi ukianguka katika banda lile bila mkono wa mtu kuufuata. Mikono miwili mitatu ilishtuka kweli, ya wanaume waliosimama karibu, ikarudi.

"Nje," alisema Phamotse. Nadhani mdomo wake ulisema wenyewe, kwa mazoea.

"Ndiyo, Ntate," alijibu Tlalane. "Mkasi mtaniletea. Mimi siruhusiwi kubeba."

Akafunga mikanda yake kwa meno na mkono wa kushoto, akatoka. Khoabane ndiye aliyeuokota mkasi akauleta jiweni kwangu.

Seabata alikwenda upande wa pili. Nasikia alikata kondoo wengi ngozi. Hakuna aliyemuuliza, wala aliyemuuliza mjomba wake, na Nkhahle bado ana funguo kiunoni. Nilikwenda mara mbili kwa chifu kueleza habari ya kipimo cha sufu, na mara zote mbili niliambiwa jambo limesikika.

Tlalane alimaliza wiki zake sita. Kelebone alimvua paa, akampa kazi nyepesi, kisha kufinya udongo laini. Alimwambia asugue kovu kila siku kwa mafuta lisishikane na kano. Kelebone alikuwa na mafuta ya kopo, na Tlalane alitumia mafuta ya sufu, yale yanayobaki mikononi mwa mnyoaji mwisho wa siku, ambayo mimi nilimkwangulia kutoka manyoya ya mavuno. Kelebone aliyanusa kovuni akasema ni yaleyale, ila ya kwake yana harufu ya duka. Tlalane hakugusa mkasi mpaka miezi mitatu ilipokwisha, na siku ya kwanza aliukaza mara chache, akauweka chini, akaenda kukata kuni kwa mkono wa kushoto kwa hasira ya kutaka kuukaza tena.

Sasa ni Oktoba nyingine. Ncha ya kidole haifiki kiganjani. Inabaki nafasi ya unene wa penseli, na Van Tonder alisema labda itabaki hivyo. Upande mmoja wa kidole unawashwa kukiwa na baridi, kwa kuwa fahamu inarudi taratibu. Kidole kinafunga mkasi. Jina lake katika kundi la upande wa pili bado halijarudi, lakini nafasi yake bandani anayo, kwa sababu wafugaji wenyewe walikataa kondoo wao wanyolewe na Seabata.

Juzi nilikuwa jiweni asubuhi, nikasikia chuma kikilia sakafuni. Nikainua kichwa. Khoabane alitokea mlangoni, mkasi wake mkononi umejaa mchanga, amejikunja kwa kicheko.

"Dume amenipiga teke," alisema. "Nikanyanyua mikono juu kama mwizi."

Nilianza kumnolea. Kabla sijamaliza, chuma kikalia tena ndani, akaja mwingine. Kisha wa tatu. Wakakaa kwenye benchi langu, wakavuta tumbaku. Ndani Phamotse alikuwa akiuliza kwa sauti nani atanyoa hawa kondoo. Tlalane alikuwa akiendelea na kazi yake.

"Ntate Lebusa," Khoabane aliniambia, "utahitaji jiwe la pili."

Nilimwambia asiniharakishe.